Ritifaa haimiliki: Kisa cha "its" na "it's"

Walimu wengi wa Kiingereza hulimaliza suala la "its" na "it's" kwa sentensi moja ubaoni: lisilo na ritifaa ni la umiliki, lenye ritifaa ni ufupisho wa "it is". Kisha kipindi kinaendelea. Wiki moja baadaye insha zinasahihishwa, na humo mbwa anatikisa "it's tail", serikali inasoma "it's budget" na shule inajivunia "it's results". Mwalimu anachora duara jekundu, anakata alama, na kujiuliza iwapo alikuwa akizungumza na ukuta.

Kosa hili halikai darasani pekee. Limo katika barua za kuomba kazi, ripoti za ofisini na matangazo yaliyolipiwa pesa nyingi. Sidhani linatokana na uzembe. Ukilitazama vizuri utaona kwamba aliyekosea amefuata kanuni, tena kanuni aliyofundishwa na mwalimu yuyo huyo: "John's book", "the school's bus", "the dog's tail". Ikiwa mkia wa mbwa ni "the dog's tail", mbona mkia wake usiwe "it's tail"? Swali hili ni la haki. Duara jekundu halilijibu. Linajibiwa na historia, na historia yenyewe ina mambo ambayo huenda yakamshtua hata huyo mwenye kalamu nyekundu.

Kwanza tuliweke bayana jibu la leo ili msomaji mwenye haraka asikose. Katika Kiingereza sanifu cha sasa, "it's" ina maana mbili tu: "it is" au "it has". "It's raining" ni "it is raining"; "it's been a long day" ni "it has been a long day". Maana ya pili husahaulika sana, na ndiyo huwapotosha wale waliokariri ya kwanza pekee. Kila mahali pengine ni "its". Kwa hivyo njia ya kujipima ni kulirefusha neno. Andika "it is" au "it has" mahali pake, usome sentensi kwa sauti. Ikisimama, ritifaa ibaki. Ikianguka, iondoe. "The dog wagged it is tail" haisemeki hata na mtoto wa darasa la pili. Na "its'", yenye ritifaa mwishoni, haipo kabisa. Vitu vikiwa vingi, Kiingereza kina "their".

Sasa je, mambo yalifikaje hapo?

Turudi nyuma miaka elfu moja hivi. Kiingereza cha Kale kilikuwa na kiwakilishi "hit" cha nomino zisizo za kiume wala za kike. Hicho "hit" ndicho kilichopoteza "h" na kuwa "it" ya leo. Kimilikishi chake hakikuwa "its". Kilikuwa "his", neno lilelile lililotumika kwa mwanamume. Mti na tunda lake, mtu na mwanawe, vyote vilipewa "his".

Msomaji wa Kiswahili hapaswi kuona ajabu. Sisi hadi leo tunafanya hivyohivyo kwa "-ake". "Mlango wake" unaweza kuwa wa Juma, wa Halima au wa nyumba, na hatujawahi kuhisi kwamba tumepungukiwa. Tena wapo wanasarufi wanaoshikilia kwamba hata vitu vikiwa vingi visivyo na uhai, tuseme "nyumba hizi na milango yake" badala ya "milango yao", kwa kuwa "-ao" ni ya watu. Kiingereza hakikuvumilia hali hiyo. Kadiri karne zilivyopita, "he" na "his" zilizidi kuambatanishwa na viumbe wa kiume, na kumwita meza "his" kukaanza kuwa kama kumvalisha meza suruali.

Watu wakatafuta njia za kukwepa. Wengine walisema "of it" au "thereof". Wengine walitumia "it" tupu kama kimilikishi, bila kuongeza chochote. Tafsiri ya Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611 chini ya Mfalme James ni ushahidi mzuri wa kipindi hicho cha kuhangaika. Katika Mathayo 5:13, panapozungumziwa chumvi iliyopoteza ladha, watafsiri waliandika "his" kwa ladha ya chumvi. Katika Walawi 25:5, panapotajwa mimea inayojiotea yenyewe, waliandika "it" pasipo "s". Neno "its" halimo hata mara moja katika toleo lile la kwanza. Anayefungua Walawi leo na kuiona "its" pale anasoma sahihisho la wapiga chapa wa baadaye.

Na si kwamba "its" haikuwapo mwaka 1611. Ilikuwa imeanza kuchipuka mwishoni mwa karne ya 16. John Florio, kwa mfano, aliitumia katika kamusi yake ya Kiitaliano na Kiingereza ya mwaka 1598. Lakini lilikuwa neno geni, na watafsiri wa maandiko matakatifu si watu wa kukimbilia lugha ya jana. Lilivyoundwa ni wazi: watu walichukua "it" wakaipachika "s" ya umiliki, ileile inayopachikwa kwenye nomino. Na kwa kuwa walikuwa wameanza kuitia ritifaa "s" hiyo kwenye nomino, wengi waliitia hapa pia. Wakaandika "it's".

Naomba msomaji asiipite sentensi hiyo upesi. Umbo ambalo leo linamnyima mwanafunzi alama lilikuwa miongoni mwa maumbo ya kawaida ya kimilikishi hicho tangu utotoni mwake. Mkusanyiko wa tamthilia za William Shakespeare uliochapishwa mwaka 1623, miaka saba baada ya kifo chake, una "it's" ya umiliki mahali kadhaa. Hakuna aliyemcheka. Kwa zaidi ya karne moja na nusu "its" na "it's" ziliishi pamoja kama watoto wa mama mmoja, mwandishi akichagua atakayo, na mara nyingine akichagua zote mbili.

Lakini je, ritifaa yenyewe ilitafuta nini kwenye umiliki? Alama hii haikuzaliwa England. Ilitumiwa na wapiga chapa wa Italia na Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 16 kwa kazi moja: kuonyesha kwamba herufi imedondoshwa. Hata jina lake la Kigiriki, ambalo Waingereza walilirithi, lina maana ya kugeukia kando. Ilipoingia England katika karne hiyohiyo, iliingia na kazi hiyohiyo. Nasi katika Kiswahili tunayo kazi hii. Mshairi anayebanwa na mizani huandika "n'takuja" kwa "nitakuja", na ritifaa inakaa palipokuwa na irabu. (Kazi yetu ya pili, ile ya kutofautisha "ng'oa" na "ngoa", ni ya matamshi na haihusiani na haya.)

Ikumbukwe sasa kwamba Kiingereza cha Kale kilionyesha umiliki wa nomino nyingi kwa kiambishi "-es". Mfalme alikuwa "cyning", na cha mfalme kilikuwa "cyninges". Baadaye ikawa "kinges". Matamshi ya "e" hiyo yakafifia na kupotea katika maneno mengi, na wapiga chapa walipoipata ritifaa waliiweka palipotoka herufi: "king's". Kwa hivyo hata katika "king's" ritifaa ilianza kama alama ya kudondosha. Umiliki ulibebwa na "s". Ritifaa ilikuwa kaburi la "e".

Kaburi hilo, hata hivyo, lilisahaulika. Hapo pana kisa kingine. Walikuwapo wasomi walioamini kwamba kilichodondoshwa si "e" bali ni "hi" ya "his". Walidhani "the king's horse" ni mkato wa "the king his horse". Na si kwamba walibuni kutoka hewani, kwa sababu watu walikuwa wakiandika hivyo kwelikweli, kama sisi tunavyosema mitaani "Juma gari lake limeharibika". Joseph Addison, katika gazeti la The Spectator mwaka 1711, aliitaja "s" hiyo kuwa inasimama badala ya "his" na "her" za wahenga. Samuel Johnson aliipinga imani hiyo katika sarufi iliyotangulia kamusi yake ya mwaka 1755, kwa hoja fupi isiyojibika: "s" hiyohiyo hupachikwa kwenye nomino za kike. Uzuri wa mwanamke ni "woman's beauty". Ukirefusha kuwa "woman his beauty" utakuwa umempotezea mwanamke uanamke wake. Johnson alikuwa sahihi. Lakini kufikia wakati wake alama ilikuwa imeshakita mizizi kwenye kila nomino milikishi, hata zile ambazo hazikuwahi kuwa na "e" ya kudondosha, na mwandishi wa kawaida alikuwa ameacha kuuliza nini kimetoka. Aliiona ritifaa, akaona umiliki. Hivi ndivyo alama ya mkato ilivyopata kazi ya pili kwa kusahauliwa kazi ya kwanza.

Nani, basi, aliyeandika "it's" ya umiliki akiwa amesoma na mwenye cheo? Mfano ninaoupenda zaidi haumo katika barua ya mtu bali katika sheria. Mnamo Septemba 1787, wajumbe waliokutana mjini Philadelphia walikamilisha Katiba ya Marekani. Kazi ya kuinakili kwa mkono kwenye karatasi nne kubwa za ngozi ilipewa Jacob Shallus, karani wa bunge la Pennsylvania, kwa ujira wa dola 30. Katiba ikatiwa saini tarehe 17 mwezi huo. Ibara ya Kwanza, sehemu ya 10, inazikataza majimbo kutoza ushuru wa bidhaa ziingiazo au zitokazo bila idhini ya Kongresi, isipokuwa ule ambao ni wa lazima kabisa kwa jimbo kutekeleza sheria zake za ukaguzi. Sheria "zake" hizo, katika mwandiko wa Shallus, ni "it's inspection Laws". Kwa ritifaa.

Tukilipima neno hilo kwa kipimo cha leo, linaporomoka papo hapo. Litasomeka "it is inspection Laws", yaani jimbo litekeleze hiyo-ni-sheria za ukaguzi. Kwa kanuni zetu, sheria kuu ya taifa zima ina kosa la darasa la sita.

Ila fungua ibara hiyohiyo, sehemu ya 5. Inasema kwamba kila chumba cha bunge kitaamua uhalali wa uchaguzi wa wajumbe wake, kitaweka kanuni za shughuli zake, na kitahifadhi kumbukumbu za shughuli zake. Hapo pote Shallus ameandika "its", bila ritifaa. Mkono ni mmoja, wino ni mmoja, hati ni moja, na maana ya neno ni moja. Laiti kungekuwa na kanuni iliyokubalika mwaka 1787, ama karani angeifuata ama mmoja wa wajumbe wenye elimu waliotia saini angelikuna kichwa. Hakuna dalili kwamba yeyote aliona tatizo, kwa sababu halikuwa tatizo. Thomas Jefferson, ambaye hakuwapo Philadelphia mwaka huo lakini baadaye akawa rais wa tatu, alizoea kuandika "it's" kwa umiliki. Mwandishi Jane Austen naye anayo katika barua zake.

Huko tahajia ya hati nyingine za karne ya 18 ndiko inakopatikana dawa ya kiburi. Wasomi wa enzi hiyo waliandika pia "her's", "our's" na "your's". Lakini hati ya Shallus inatuonyesha jambo la ziada: maumbo mawili yalikuwa yameshaanza kugombea kiti kimoja, na mmoja wao alikuwa karibu kuondoka.

Kilichomwondoa "it's" kwenye umiliki ni mambo mawili yaliyokutana. La kwanza ni kifo cha "'tis". Wakati wa Shakespeare, ufupisho wa kawaida wa "it is" ulikuwa "'tis", ritifaa ikiwa mbele palipotoka "i". "It's" kwa maana ya "it is" ilikuwapo, lakini ilikuwa ndogo mno kuweza kumsumbua mtu. Katika karne ya 18 mizani ikageuka: "'tis" ikaanza kunuka uzee na ushairi, na "it's" ikachukua nafasi yake. Sasa likatokea jambo ambalo awali halikuwapo, yaani "it's" mbili zenye maana mbili kwenye ukurasa mmoja.

La pili ni wanasarufi. Nusu ya pili ya karne hiyo ilijaa vitabu vya sarufi, kile cha Robert Lowth cha mwaka 1762 na cha Lindley Murray cha mwaka 1795 vikiwa maarufu zaidi, na wapiga chapa walitaka ukurasa uliopangika. Vimilikishi vya viwakilishi vikapangwa mstari mmoja: "his", "hers", "ours", "yours", "theirs", "its". Hakuna anayeandika "hi's". Kiwakilishi milikishi ni neno kamili linalojitosheleza; hakijakatwa popote, na hivyo hakina kaburi la kuwekea alama. Mwanzoni mwa karne ya 19 wapiga chapa walikuwa wakiifuata desturi hiyo kwa wingi, na polepole iliyokuwa desturi ikawa sheria.

Nionavyo, huo mstari wa maneno sita ni somo zuri kuliko sentensi ya ubaoni niliyoanza nayo. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba ritifaa ni alama ya umiliki amepewa nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayomwangusha. Anayeambiwa kwamba kwenye viwakilishi ritifaa huonyesha tu kilichokatwa ana kanuni itakayomfaa pia kwa ndugu wengine wa ukoo huu: "you're" na "your", "they're" na "their", "who's" na "whose". Kila lenye ritifaa hapo linarefuka, na kila lisilo nayo halirefuki.

Kanuni hii ina mpaka wake, na ni vyema mwalimu autaje kabla mwanafunzi mjanja hajautaja. "One's" ina ritifaa na ni ya umiliki. Vilevile "somebody's" na "everyone's". Hizi ni viwakilishi, ndiyo, lakini hujengwa kama nomino: unachukua neno zima na kulipachika "s". Hazina umbo lake maalumu kama "his" au "their". Kihistoria "its" nayo iliundwa vivyo hivyo, na ndiyo maana ilichukua muda mrefu kuamua iketi upande gani. Hapa mantiki haitoi hukumu. Wapiga chapa ndio walioitoa, nasi tunaifuata kwa sababu wasomaji wetu wanaitarajia.

Anayeandika kwa Kiswahili huenda akajipongeza kwamba balaa hili halimhusu. Ni kweli kwamba sisi tunafupisha na kumilikisha kwa wakati mmoja bila alama yoyote. Magazeti ya hapa nchini huandika "babake" na "dadake" kila siku; "yake" imepoteza "ya", na hakuna mhariri aliyewahi kudai "baba'ke". Lakini mwandishi huyohuyo mchana anaandika ripoti kwa Kiingereza kwenye simu, na simu nyingi zina tabia ya kuipachika ritifaa "its" bila kuombwa. Kikagua tahajia hakimwokoi, kwa kuwa "its" na "it's" zote ni maneno halali na mashine huziona sawa. Itabidi alirefushe neno mwenyewe, kwa sauti kama yuko peke yake, kimoyomoyo kama ameketi kwenye matatu.

Na ile hati ya Philadelphia? Iko katika Hifadhi ya Taifa mjini Washington, ikiwa na ritifaa yake. Katiba hiyo imefanyiwa marekebisho 27 tangu itiwe saini, na hakuna hata moja lililogusa alama hiyo.